Kinachoipata Picha Ukishabonyeza "Tuma"

Kwenye ukurasa wa msaada wa programu nyingi ndogo za simu, habari nzima ya picha huishia kwenye mstari mmoja: "Tunapokea JPG na PNG, zisizozidi MB 5." Aliyeuandika huona kazi imekwisha. Kumbe mstari huo umejibu swali moja tu, la nini kinaruhusiwa kuingia, na hata hilo umelijibu nusu. Picha ikishaingia inapunguzwa? Inageuzwa? Inaondolewa kitu, au inahifadhiwa kama ilivyokuja? Hayo anayajua aliyeitengeneza programu, na kusema kweli wakati mwingine hata yeye hana uhakika.

Tuchukue programu ya mfano, ya matangazo ya bidhaa za mtaani, na fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, anayetaka kutangaza kitanda cha mninga cha futi tano kwa sita. Amekipiga picha uani, simu akiwa ameishika wima ili kichwa chote cha kitanda kionekane. Anabonyeza "Weka tangazo", na maandishi mekundu yanamjibu: "Aina ya faili haikubaliki." Anamwandikia mhudumu wa wateja: "Dada, habari za kazi. Picha ya kitanda inakataa kupanda. Ni picha ya kawaida tu, nimeipiga sasa hivi."

Fundi hasemi uongo. Tatizo ni kwamba simu yake ni iPhone, na tangu toleo la iOS 11 lilipotoka Septemba 2017, simu hizo kuanzia iPhone 7 huhifadhi picha katika aina iitwayo HEIC, mpaka mwenyewe aamue vinginevyo. Faida yake ni nafasi: picha ileile huchukua karibu nusu ya nafasi ambayo ingechukua ikiwa JPEG. Hasara yake ni kwamba vivinjari vingi haviwezi kuionyesha, na mbinu ya kubana iliyomo ndani yake imezungukwa na hataza ambazo wenyewe hudai ada. Vijana wawili wanaotengeneza programu kwa mtaji mdogo hawataki kesi hiyo, kwa hiyo huifungia nje. Kwa upande wao ni uamuzi wa busara, ila fundi hajawahi kuisikia HEIC na kwenye simu yake picha inafunguka bila shida.

Hapo jirani hutoa ushauri unaotolewa kila mahali: badilisha jina la faili, `kitanda.heic` iwe `kitanda.jpg`. Fundi anabadilisha, anajaribu tena, na sasa ujumbe ni mwingine: "Picha imeharibika." Haijaharibika hata kidogo. Herufi zinazofuata nukta ni lebo tu, na programu iliyotengenezwa vizuri haiziamini. Inafungua faili na kusoma baiti zake za mwanzo, kwa sababu kila aina ya picha huanza kwa alama yake. Zikiandikwa kwa tarakimu zile za msingi wa kumi na sita ambazo watengenezaji hupenda kuzitumia, alama za aina mbili zilizotajwa kwenye ukurasa wa msaada ni hizi:

```
JPEG   FF D8 FF
PNG    89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A
```

HEIC haina hata moja kati ya hizo. Kuanzia baiti yake ya tano kuna herufi `ftyp`, na kwa kawaida baada yake `heic`. Ukibadilisha jina mara mia, herufi hizo hazisogei. Programu zinazotazama jina peke yake huipokea faili hiyo bila kelele, kisha tangazo likatoka na kisanduku kitupu cha kijivu mahali pa picha. Mhudumu akiona kisanduku kama hicho, na mteja anaapa kwamba alituma JPG, jambo la kwanza la kushuku ni jina lililobadilishwa.

Tiba yake ni fupi na ingepaswa kuwa kwenye ukurasa wenyewe. Kwa picha zijazo, mwenye iPhone aingie Settings, kisha Camera, kisha Formats, achague Most Compatible. Kuanzia hapo kamera itatoa JPEG. Kwa picha iliyokwisha kupigwa, njia ya mtaani ni kuituma WhatsApp kama picha na kuihifadhi upya, maana huko hugeuzwa JPEG, ingawa itakuwa imepungua ubora. Iliyo bora kuliko zote ni programu yenyewe kuipokea HEIC na kuigeuza, ila hilo ni suala la mfuko wa wenye programu.

Sasa ile MB 5. Watumiaji wengi huielewa kama ukubwa wa picha, kumbe ni uzito wa faili, na hivyo ni vitu viwili. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha yenye vitone 4000 kwa upana na 3000 kwa urefu, jumla milioni 12. Ikiwa imebanwa kwa JPEG, faili lake huwa na MB tatu au nne, kwa hiyo linapita. Lakini seva haiwezi kuifanyia kazi picha ikiwa imebanwa. Lazima ikunjuliwe kwenye kumbukumbu, kila kitone kikichukua baiti tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya bluu. Milioni 12 mara tatu ni MB 36. Watu kumi wakituma kwa pamoja jioni, saa ambayo matangazo hupandishwa kwa wingi, seva ya kukodi yenye kumbukumbu ya GB 1 tayari inahitaji MB 360 kwa picha tu, na karibu mara mbili ya hizo pale inapotengeneza nakala mpya kabla ya kuiachia ya zamani. Ndiyo maana kikomo kinachofaa huwa na sehemu mbili, uzito wa faili na idadi ya pikseli.

Sehemu ya pili ina sababu nyingine, na hii ni ya kiusalama. Picha ya PNG ya rangi moja tupu, yenye pikseli 30,000 kwa 30,000, hubanwa mpaka ikapita kwa urahisi chini ya MB 5, kwa kuwa hakuna cha kueleza ndani yake zaidi ya rangi ileile. Ikikunjuliwa ina pikseli milioni 900, yaani GB 2.7, na seva ndogo inaanguka. Watengenezaji huliita faili la namna hiyo bomu. Pillow, maktaba ya picha inayotumiwa sana na waandishi wa lugha ya Python, hutoa onyo picha ikizidi pikseli milioni 89 hivi, na ikizidi mara mbili ya hapo inakataa kabisa kuifungua. Kinga hiyo ni nzuri, ila humkamata pia mtu mwema: simu zenye kamera ya megapikseli 200, zikiwekwa kwenye hali ya ubora wa juu kabisa, hutoa picha inayovuka kikomo hicho cha pili. Mwenye simu ya bei mbaya anaambiwa picha yake haifai na haelewi kwa nini, wakati mwenye simu ya kawaida amepita.

PNG nayo ina mtego wake. Tofauti na JPEG, haitupi chochote katika kubana, kwa hiyo picha ya kamera iliyohifadhiwa kama PNG hufika MB 15 na zaidi bila shida. Kuandika "PNG, mwisho MB 5" ni sawa na kusema PNG za kamera hazitakiwi, na pengine ndivyo ilivyokusudiwa, ila basi isemwe. PNG ilizaliwa mwaka 1996 ili kuchukua nafasi ya GIF, baada ya kampuni ya Unisys kuanza kudai ada kwa hataza ya mbinu ya kubana iliyotumika ndani ya GIF. Mahali pake ni skrinishoti, michoro na nembo. Fundi akituma nembo ya karakana yake yenye mandhari ya uwazi, na programu ikaigeuza JPEG bila maandalizi, nembo hutoka imekaa kwenye mraba mweusi. JPEG haina namna ya kuhifadhi uwazi, na pikseli zilizofichwa nyuma ya uwazi huo mara nyingi ni nyeusi. Mtengenezaji makini huitandika nembo juu ya nyeupe kwanza, kisha ndipo aigeuze.

Basi picha ya kitanda imepita. Nini kinafuata?

Katika programu ya mfano wetu, upande mrefu unapunguzwa kutoka pikseli 4000 hadi 1600, na mfupi unafuata hadi 1200. Pikseli milioni 12 zimebaki chini kidogo ya milioni mbili, kama sehemu moja kwa sita. Kwenye kioo cha simu mnunuzi haoni tofauti, na bando lake linapona. Kisha picha inabanwa upya kwa JPEG, kwa kiwango cha ubora cha 80 hivi. Namba hiyo si asilimia ya ubora uliobaki, ingawa inafanana nayo. Ni kipimo cha ndani cha programu ya kubana kinachoamua itupe kiasi gani cha maelezo. JPEG hukata picha katika vipande vya pikseli nane kwa nane na kuondoa ndani ya kila kipande yale mabadiliko madogo madogo ambayo jicho haliyashiki upesi. Kwenye mbao za mninga hilo halionekani. Linaonekana kwenye kingo kali, hasa herufi. Kama fundi ameandika bei na namba ya simu juu ya picha yenyewe, kila namba itatoka na ukungu pembeni, na kama picha ilikwisha kuzunguka kwenye makundi mawili matatu ya WhatsApp kabla ya kufika hapa, namba 8 na 3 huanza kufanana. Mstari mmoja wa msaada ungemwokoa: andika bei kwenye kisanduku cha bei, si juu ya picha.

Baada ya hapo kuna lalamiko ambalo kila mhudumu wa programu za namna hii amelisikia: "Kitanda changu mmekilaza upande." Fundi anafungua simu yake, picha imesimama vizuri. Anafungua tangazo, kitanda kimelala kama kimeegemezwa ukutani. Mtengenezaji naye anaapa kwamba programu yake haigeuzi picha. Wote wawili wanasema kweli. Kihisio cha kamera ndani ya simu hakizunguki mtu anapoishika simu wima. Simu nyingi huandika picha ikiwa imelala, kisha zikaongeza namba kwenye taarifa zilizofungwa ndani ya faili, zinazoitwa Exif. Namba 1 maana yake picha iko sawa. Namba 6 maana yake igeuze robo mzunguko kwenda kulia kabla ya kuionyesha. Simu huitii namba hiyo kimyakimya. Programu ya matangazo, kwa nia njema ya kulinda faragha, imeifuta Exif yote, namba 6 ikiwemo, na kitanda kikabaki kilivyoandikwa. Suluhisho ni mpangilio wa hatua: kwanza picha igeuzwe kweli kulingana na namba, halafu ipunguzwe, halafu ndipo Exif ifutwe. Ndani ya Pillow kazi hiyo ya kwanza ina jina lake, `ImageOps.exif_transpose`, na ni mstari mmoja tu. Kitanda kinacholala upande ni dalili kwamba mstari huo umesahauliwa au umewekwa mwisho.

Na kwa nini Exif ifutwe? Mbali na mwelekeo, humo huandikwa aina ya simu, tarehe na saa, na kama mwenye simu ameiruhusu kamera itumie eneo, mahali hasa picha ilipopigwa, kwa nyuzi, dakika na sekunde. Sekunde moja kutoka kusini kwenda kaskazini ni kama mita 31 ardhini, na simu huandika mpaka sehemu za sekunde. Kwa fundi ambaye karakana yake iko barabarani na bango juu, si neno. Kwa mama anayeuza kabati akiwa nyumbani, picha hiyo ni ramani ya mlango wake kwa mtu yeyote atakayeipakua.

Hatari hiyo ilionekana na dunia nzima Desemba 2012. John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kupambana na virusi vya kompyuta, alikuwa mafichoni. Polisi wa Belize walitaka kumhoji kuhusu kuuawa kwa jirani yake. Waandishi wa jarida la Vice waliokuwa wakisafiri naye wakaweka mtandaoni picha yake iliyopigwa kwa iPhone. Exif ilikuwa haijaguswa, na wasomaji wakaisoma: Guatemala. Siku chache baadaye mamlaka za nchi hiyo zikamkamata kwa kuingia bila kibali. Picha yenyewe haikuonyesha jina la mji wala kibao cha barabara.

Wengi wanajua kwamba WhatsApp huondoa taarifa hizo picha ikitumwa kwa njia ya kawaida. Wachache wanajua kwamba ikitumwa kama hati, kwa kitufe cha Document, huenda ilivyo, eneo likiwemo.

Kwa hiyo sentensi "tunaondoa taarifa za mahali" inastahili kuulizwa swali: zinaondolewa kwenye nakala ipi? Programu nyingi hutengeneza nakala iliyopunguzwa kwa ajili ya kuonyesha, na ile ya asili huiweka kando, eti siku moja itahitajika. WordPress ni mfano unaojulikana. Tangu toleo la 5.3 la Novemba 2019, picha ya JPEG yenye upande unaozidi pikseli 2560 hupunguzwa, nakala mpya ikaongezewa `-scaled` kwenye jina, na ya asili hubaki kwenye seva. Anayeona anwani inayoishia na `kitanda-scaled.jpg` anaweza kuliondoa neno hilo na kujaribu bahati yake, na mara nyingi faili la asili hufunguka. Hakuna aliyevunja mlango. Picha ilikuwa nje muda wote. Programu ndogo ikiiga mtindo huo bila kufikiri, kazi yote ya kufuta Exif imekuwa bure.

Kufuta nako kuna mambo yake. Fundi akiuza kitanda na kuondoa tangazo, picha huwa ipo sehemu zaidi ya moja: nakala ya kuonyesha, kijipicha cha kwenye orodha, pengine ya asili, na zilizomo ndani ya nakala za akiba ambazo seva hujitengenezea kila usiku. Tatu za kwanza zinaweza kufutwa papo hapo. Za akiba hazifunguliwi moja moja. Husubiri mzunguko wao uishe, kwa mfano siku 30. Kuandika "picha hufutwa mara moja" ni ahadi isiyotekelezeka, na kisheria inaweza kuwagharimu wenye programu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote zinamtaka anayekusanya taarifa za mtu amweleze zinakusanywa kwa ajili gani. Picha yenye sura ya mtu au anwani ya nyumba yake haikwepi sheria hizo kwa sababu tu ilitumwa kuuzia kabati.

Yote haya yanaingia kwenye ukurasa wa msaada bila kumchosha mtu. Kwa programu ya mfano wetu, maneno yangeweza kuwa haya:

"Tunapokea picha za JPG, na PNG kwa skrinishoti na nembo. Faili lisizidi MB 5, na picha isizidi pikseli milioni 50. Picha za HEIC za iPhone bado hatuwezi kuzifungua: nenda Settings, Camera, Formats, chagua Most Compatible, kisha piga picha upya. Kubadilisha jina la faili hakusaidii.

"Ukishatuma, tunaisimamisha picha ilivyopigwa, tunaipunguza hadi pikseli 1600 upande mrefu, na tunaigeuza JPG. Mandhari ya uwazi yatakuwa meupe. Tunafuta mahali, saa na aina ya simu, na picha ya asili hatubaki nayo. Tangazo likiondolewa, picha hufutwa siku hiyo hiyo; kwenye nakala zetu za akiba huisha ndani ya siku 30.

"Usiandike bei wala namba ya simu juu ya picha, herufi zitafifia. Tunza picha yako ya asili kwenye simu, maana sisi hatutaweza kukurudishia."

Aya ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, na kwa maoni ya mwandishi huyu ingefaa kuwekwa juu kabisa. Wapo wanaozifanya programu za matangazo kuwa albamu, wakafuta picha kwenye simu ili kupata nafasi, kisha mwaka ukaisha ndipo wakagundua kwamba waliyoiacha kule imebaki sehemu moja kwa sita.

Ukurasa wa namna hiyo una faida nyingine kwa mwenye programu: kila sentensi yake inapimika. Apige picha simu ikiwa wima na eneo likiwa limeruhusiwa, aipandishe kama mteja yeyote, kisha aipakue kutoka kwenye tangazo na kuiuliza kwa kifaa cha bure cha `exiftool`:

```
exiftool -gps:all -orientation kitanda.jpg
```

Kifaa kisipojibu kitu, na kitanda kikawa kimesimama, hatua tatu zimefuatana inavyotakiwa. Yakitokea majibu ya eneo, nakala iliyoshuka bado ina taarifa za awali. Halafu anakili anwani ya picha, anaondoa tangazo, na kesho yake anaifungua anwani hiyo kwa simu nyingine ambayo haijawahi kuiona. Ikifunguka, basi kuna nakala ambayo programu haikuikumbuka, mara nyingi kijipicha au ile ya asili, na sentensi ya "siku hiyo hiyo" inapaswa kutolewa ukurasani mpaka nakala hiyo ipatikane.